UZI: Barua inasema "siku 28 kuanzia 3/8/2026 hadi 31/8/2026". Mtu huyu anaripoti kazini tarehe 31 au tarehe 1?

#1 KaraniWaMtaaWaKongo

Wakuu habari. Ofisini kwetu Kariakoo mimi ndiye ninayechapa barua za likizo na kuzipeleka kwa bosi zisainiwe. Leo nimeletewa barua ya kijana wa stoo, ameandika kwa mkono hivi:

"Naomba likizo yangu ya mwaka ya siku 28 kuanzia tarehe 3/8/2026 hadi tarehe 31/8/2026."

Mwenyewe anasema tarehe 31 bado yuko likizo, kwa hiyo anaingia kazini Jumanne tarehe 1 Septemba. Msimamizi wa stoo anasema tarehe 31 ndiyo ya kuingia kazini. Wote wawili wanaisoma sentensi ileile. Bosi akishasaini haibadiliki, na tarehe 31 ni Jumatatu, tunapokea mzigo kutoka bandarini na tunafunga hesabu za mwezi. Stoo haiwezi kukaa bila mtu.

Nataka kujua mnaandikaje barua ambayo siku ya kwanza, siku ya mwisho na siku ya kurudi haziwezi kusomwa vingine. Wenye uzoefu wa masijala na utumishi karibuni.

#2 Mkude wa Tabata

Mbona rahisi. Hadi ni pamoja na siku hiyo. Likizo inaisha tarehe 31, anaripoti tarehe 1. Msimamizi anataka kumnyang'anya kijana siku yake.

#3 BintiUpanga

@Mkude hesabu kwanza kabla hujatoa hukumu. Kutoka tarehe 3 mpaka 31, ukizihesabu zote mbili, ni siku 29. Yeye kaomba 28. Sasa tufuate namba ya siku au tufuate tarehe? Hapo ndipo ugomvi ulipo.

#4 Mkude wa Tabata

31 toa 3 ni 28. Shule ya msingi hiyo dada.

#5 BintiUpanga

Toa uone likizo ya siku moja. Ianze tarehe 3 na iishe tarehe 3. 3 toa 3 ni sifuri. Kwa hiyo hakwenda likizo?

#6 MzeeWaMasijala

Salaam. Nimestaafu utumishi, majalada ya likizo yamepita mikononi mwangu miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni niende taratibu.

BintiUpanga yuko sahihi. Siku ya kwanza ya likizo nayo ni siku ya likizo, imeshatumika. Ukianza Jumatatu tarehe 3 Agosti, hiyo ni siku ya 1. Siku ya 7 ni Jumapili tarehe 9. Siku ya 14 ni Jumapili tarehe 16, ya 21 ni Jumapili tarehe 23, na ya 28 ni Jumapili tarehe 30. Likizo imeisha hapo. Kuripoti ni Jumatatu tarehe 31 Agosti 2026.

Kwa kalamu tu: siku ya mwisho ni tarehe ya kuanza jumlisha 27. Siku ya kurudi ni tarehe ya kuanza jumlisha 28. Wengi hujumlisha 28 halafu wanaiita hiyo siku ya mwisho, ndiyo maana siku moja inazidi. Kijana wa stoo kafanya hivyohivyo. Hakukusudia kudanganya.

Na kuna njia ya kuikagua barua ya siku 28 bila kalenda. Siku 28 ni wiki 4 kamili, kwa hiyo ukianza likizo Jumatatu utarudi Jumatatu. Ukianza Jumatano utarudi Jumatano. Barua ya siku 28 ikikuambia mtu anaondoka Jumatatu na anaripoti Jumanne, irudishe kwa mwandishi kabla haijafika kwa mkuu.

Lakini hilo halijibu swali la mleta uzi. Sentensi yake ina kasoro nyingine: inataja tarehe mbili tu, na ya pili inabeba kazi mbili. Ni siku ya mwisho kwa mwombaji na ni siku ya kuripoti kwa msimamizi. Kila siku ipewe sentensi yake.

#7 Nyamizi

Shikamoo mzee. Mimi nashangaa mnahesabu Jumapili. Siku za likizo ni siku za kazi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, wala Nane Nane haihesabiwi. Huyo kijana anapaswa kurudi Septemba katikati huko. Wafanyakazi tunaibiwa kwa kutojua.

#8 MzeeWaMasijala

Marahaba mwanangu. Hapana, kwa sheria si hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 31, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo wa miezi 12, na sikukuu ya umma ikiangukia ndani ya likizo imo humohumo. Nane Nane mwaka huu ni Jumamosi, nayo imo. Maulidi yakiangukia mwishoni mwa Agosti nayo yamo.

#9 Nyamizi

Basi kwetu mkataba wangu unasema siku za kazi 21 na Jumamosi na Jumapili hazimo. Nimeutoa kabatini nikausoma tena baada ya kukusoma. Nao wanavunja sheria?

#10 BintiUpanga

Hawavunji. Siku 28 mfululizo kwa mtu wa Jumatatu mpaka Ijumaa zina siku 20 za kazi ndani yake. Wao wamekupa 21, umezidishiwa. Ila barua yako lazima iseme "siku za kazi 21", usiandike "siku 21" peke yake. Mwenzangu aliandika siku 21, mhasibu akazihesabu mfululizo, wiki 3 na Jumapili zake zote. Ilimchukua muda mrefu kurudishiwa salio lake.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kugusa tarehe: mkataba wako unahesabu siku gani?

#11 Chumvi Nyingi

Wadau naomba kuuliza, mimi bosi kaninyima likizo mwaka wa pili sasa, anasema atanilipa. Nifanyeje?

#12 BintiUpanga

@Chumvi Nyingi pole sana, ila hilo ni jambo jingine. Fungua uzi wako, wengi watakusaidia. Hapa tuko kwenye kuandika tarehe.

#13 Fundi Mitambo Ubungo

Tatizo mnalizungusha. Mimi siku zote naandika siku ya kuondoka na siku ya kuripoti basi. "Nitaanza likizo tarehe fulani na kuripoti kazini tarehe fulani." Siku ya mwisho ya nini? Hakuna mtu anayeihitaji. Ukiiondoa na ugomvi unaondoka.

#14 MzeeWaMasijala

Kwa msimamizi wa zamu inatosha. Kwa mhasibu haitoshi. Yeye anakata siku kwenye salio lako, na siku anazokata zinaishia siku ya mwisho ya likizo. Siku ya kuripoti haiko kwenye hesabu yake. Kuna wakati kati ya hizo mbili kuna siku ambazo si za likizo na si za kazi.

Chukueni mtu anayefanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa na anaanza siku 28 Jumatano tarehe 11 Novemba 2026. Siku ya 28 ni Jumanne tarehe 8 Desemba. Kesho yake, Jumatano tarehe 9 Desemba, ni sikukuu ya Uhuru, ofisi imefungwa. Anaripoti Alhamisi tarehe 10. Ukiandika tu "kuanzia 11 Novemba, kuripoti 10 Desemba", mhasibu asiyetazama kalenda atahesabu siku 29 na kukata moja ambayo hukuitumia. Siku ya mwisho ikiwa imeandikwa, na sababu ya pengo imeandikwa, hana pa kukosea:

"Siku ya mwisho ya likizo ni Jumanne, 8 Desemba 2026. Kwa kuwa Jumatano, 9 Desemba ni sikukuu, nitaripoti kazini Alhamisi, 10 Desemba 2026."

#15 Fundi Mitambo Ubungo

Hapo sawa mzee, sikuwa nimelifikiria la sikukuu. Ila Idi je? Idi hatuijui mpaka mwezi uandame. Utaandika tarehe gani?

#16 Ustadhi wa Magomeni

Mimi huandika zote mbili. "Nitaripoti Jumatatu, ikiwa Jumatatu itakuwa sikukuu ya Idi, nitaripoti Jumanne", na tarehe zake. Usiandike "baada ya Idi", kwani kuna watu baada ya Idi kwao ni wiki nzima.

#17 Mkude wa Tabata

Ustadhi umenigusa. Sisi wa Tanga tukienda Idi nyumbani, baada ya Idi ni mpaka pilau iishe.

#18 Kijana wa Data

Naongeza la kompyuta. Hapa kazini tunaingiza likizo za watu wote kwenye Excel. Kompyuta nyingi huja zimewekwa mtindo wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukichapa 3/8/2026 inasoma tarehe 8 Machi. Ukichapa 31/8/2026 hakuna mwezi wa 31, kwa hiyo inaiacha kama maandishi tu, na unaijua kwa sababu inakaa kushoto ya kisanduku wakati tarehe halisi inakaa kulia. Ukizitoa unapata #VALUE! na unashtuka. Hiyo ni bahati.

Balaa ni pale tarehe zote mbili ziko chini ya 13. Likizo fupi ya kuanzia 3/8/2026 hadi 12/8/2026 inakuwa tarehe 8 Machi hadi 8 Desemba, na kompyuta hailalamiki hata kidogo. Unaona mtu ana likizo ya miezi 9 ndipo unajua.

Ninachofanya: nachapa mwaka kwanza, 2026-08-03, ambayo haitegemei mtindo. A2 ni siku ya kuanza, B2 ni idadi ya siku za mfululizo. Siku ya mwisho na siku ya baada yake nazipata hivi:

```
=A2+B2-1
=A2+B2
```

Halafu kisanduku nakipa mpangilio `dddd, d mmmm yyyy` ili jina la siku lionekane. Jina la siku ndilo linalonionyesha kosa. Nikiona mtu "anaripoti" Jumapili na ofisi yetu haifunguliwi Jumapili, narudi kuangalia.

#19 KaraniWaMtaaWaKongo

Ahsanteni sana. Kijana wa Data, hilo la siku chini ya 13 limenisaidia kujua kwa nini dada wa pale dirishani alionekana yuko likizo tangu mwezi wa pili.

Mzee, ofisi yetu inafanya kazi mpaka Jumamosi saa 8 mchana. Kijana atakuwa kazini Jumamosi tarehe 1 Agosti. Likizo ianze Jumapili tarehe 2 au Jumatatu tarehe 3?

#20 MzeeWaMasijala

Sisi tulianzia siku ya kwanza ambayo mtu angetakiwa awe kazini na hayupo. Kwa ofisi yako ni Jumatatu tarehe 3. Jumapili ni mapumziko yake ya wiki, kayapata kwa kufanya kazi wiki ile, kwa nini tumkate?

#21 Afisa Asiyelala

Naheshimu mzee ila sikubaliani. Kwetu likizo inaanza kesho yake baada ya siku ya mwisho ya kazi, iwe Jumapili iwe sikukuu. Siku ni mfululizo, na mfululizo unaanza pale kazi inapokoma. Tukianza Jumatatu mtu anapata Jumapili ya mbele bure na ya nyuma pia.

#22 BintiUpanga

Kwa siku 28 mnabishania hewa. Ukianza Jumapili tarehe 2, ya 28 ni Jumamosi tarehe 29, na kesho yake Jumapili hamfungui, kwa hiyo kuripoti ni Jumatatu tarehe 31. Ukianza Jumatatu tarehe 3, ya mwisho ni Jumapili tarehe 30, kuripoti Jumatatu tarehe 31. Siku ya kuripoti ni ileile.

Inauma kwenye likizo fupi. Mtu wa Jumatatu mpaka Ijumaa kaomba siku 10 na siku yake ya mwisho kazini ni Ijumaa tarehe 31 Julai. Kwa hesabu ya Afisa anaanza Jumamosi tarehe 1, anamaliza Jumatatu tarehe 10, anaripoti Jumanne tarehe 11. Kwa hesabu ya mzee anaanza Jumatatu tarehe 3, anamaliza Jumatano tarehe 12, anaripoti Alhamisi tarehe 13. Hizo ni siku 2 za kazi. Asiporipoti Jumanne, kwa Afisa huyu ni mtoro.

#23 Afisa Asiyelala

Naam. Na siku 2 si za kufukuza mtu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinazungumzia kutokuwepo kazini zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au sababu ya kukubalika. Lakini barua ya onyo inaingia kwenye jalada, na inakaa humo.

#24 MzeeWaMasijala

Ndiyo maana namshauri mleta uzi aweke na siku ya nne kwenye barua: siku ya mwisho ya kuwa kazini. Ikiandikwa "nitakuwa kazini hadi mwisho wa kazi Ijumaa, 31 Julai", na chini yake "siku ya kwanza ya likizo ni Jumatatu, 3 Agosti", Afisa anaona mwisho wa wiki umeachwa nje, na kama hakubali anakataa kabla mtu hajaondoka. Mbishane mkiwa wote ofisini, siyo mmoja akiwa ameshafika Kyaka.

#25 Mlinzi Zamu ya Usiku

Mimi ni mlinzi Mikocheni, nyinyi mnaongelea watu wa mchana. Zamu yangu ni saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Barua yangu ya likizo imesema inaanza Jumatatu tarehe 3 Agosti. Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu niko zamu au niko likizo? Mwenzangu ananiambia nisiende kwa sababu saa 6 usiku ikipita ni Jumatatu, ni likizo yangu. Msimamizi anasema niende.

#26 Ustadhi wa Magomeni

Na ukiongea na wazee wa huku pwani utachanganyikiwa zaidi kaka. Kwetu usiku unatangulia mchana wake. Ukimwambia mzee wangu "usiku wa Jumatatu", anaelewa Jumapili jua likishazama. Kijana wa leo anaelewa Jumatatu jioni. Msimamizi wako ni mtu wa wapi?

#27 Mlinzi Zamu ya Usiku

Wa Kilwa.

#28 MzeeWaMasijala

Basi kwenye barua yako neno "usiku wa" lisiingie kabisa. Zamu ya usiku ina tarehe mbili, kwa hiyo itaje kwa saa inayoanza na saa inayoisha:

"Zamu yangu ya mwisho itaanza Jumapili, 2 Agosti 2026 saa 12 jioni na kuisha Jumatatu, 3 Agosti 2026 saa 12 asubuhi. Nitarudi kwenye zamu inayoanza Jumatatu, 31 Agosti 2026 saa 12 jioni."

Hapo zamu inahesabiwa ni ya siku inapoanzia. Umefanya zamu ya Jumapili, zamu ya kwanza unayokosa ni ya Jumatatu jioni, na ukihesabu zamu kuanzia Jumatatu tarehe 3 mpaka Jumapili tarehe 30 unapata usiku 28.

#29 Afisa Asiyelala

Mzee hapo mwajiri anachukua saa 6 za Jumatatu, kutoka saa 6 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Siku hiyo tumeshaiita ya likizo. Mimi ningemwambia zamu yake ya mwisho iwe ya Jumamosi jioni.

#30 MzeeWaMasijala

Na ukifanya hivyo, akirudi je? Zamu ya Jumapili tarehe 30 jioni inaisha Jumatatu asubuhi, siku ya kuripoti. Utamwita Jumapili jioni? Ukimwita umemnyang'anya ulichompa mwanzoni. Usipomwita kapata zamu 29.

#31 Afisa Asiyelala

Simwiti. Saa 6 za mwanzo ni haki yake na Jumapili yote ni haki yake.

#32 Mlinzi Zamu ya Usiku

Mimi nakubali hata ya mzee ilimradi iandikwe. Kilichoniponza mwaka juzi, kampuni nyingine, ni kwamba hakuna aliyeandika saa.

#33 Mama wa Mbagala Rangi Tatu

Nami niweke langu. Niliomba siku 28 na barua nzuri kabisa, tarehe zote zipo. Mkuu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "Kubali siku 14" akasaini. Tarehe zangu zile za siku 28 zikabaki pale chini kama zilivyo. Nikapiga simu kuuliza nirudi lini, kila mtu ananipa siku yake.

#34 BintiUpanga

Hilo linatokea kila mahali mama. Idadi ikibadilika pembeni, tarehe za chini zimekufa. Kwa mfano wa kijana wa stoo, siku 14 kuanzia Jumatatu tarehe 3 zinaisha Jumapili tarehe 16, kuripoti Jumatatu tarehe 17 Agosti. Barua ya majibu ndiyo izitaje upya. Isiandikwe "ombi lako limekubaliwa" tu, kwa sababu lililokubaliwa siyo tena uliloomba.

#35 Fundi Mitambo Ubungo

Na barua za mkono zikipigwa picha kwa wasapu ndiyo kabisa. 1 na 7, 3 na 8. Mwezi wa 7 wa fundi wangu unasomeka mwezi wa 1. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi.

#36 Mwanasheria wa Kinondoni

Samahani nimechelewa. Kwa Mkude na wenzake wa mwanzo: Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza namna ya kuhesabu muda. Inatofautisha muda unaoanza na siku iliyotajwa, ambapo siku hiyo imo, na muda unaohesabiwa tokea siku fulani, ambapo siku hiyo haimo. Na muda unaoendelea hadi siku iliyotajwa, siku hiyo imo. Kwa hiyo "hadi 31" ni pamoja na 31. Mkude ana haki.

#37 Mkude wa Tabata

Nilisema mimi! Wakili kaja.

#38 BintiUpanga

Wakili, hiyo ni ya kusomea sheria zilizotungwa. Barua ya kijana wa stoo ni sheria iliyotungwa na nani? Na hata tukiitumia, tarehe 31 ikiwemo tunapata siku 29, na barua hiyohiyo inasema 28. Bado haijatuambia kipi kishinde.

#39 Mwanasheria wa Kinondoni

Ni kweli inahusu sheria zilizoandikwa, nimeitoa kama mwongozo tu. Kwangu tarehe mahususi zingeshinda idadi, kwa sababu mwajiri alizisaini akiziona.

#40 MzeeWaMasijala

Kwangu idadi ingeshinda, kwa sababu idadi ndiyo inayotoka kwenye salio na tarehe zinatokana nayo. Mtu mwenye salio la siku 28 hawezi kupewa ya 29 kwa kosa la kujumlisha.

#41 Mwanasheria wa Kinondoni

Na mwajiri aliyesaini je, hana wajibu wa kuhesabu?

#42 KaraniWaMtaaWaKongo

Wakuu, wakati mnaendelea nimeandika upya. Mnaonaje?

"YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA, SIKU 28 MFULULIZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kama ifuatavyo.

Siku ya mwisho ya kuwa kazini kabla ya likizo: Jumamosi, 1 Agosti 2026.
Siku ya kwanza ya likizo: Jumatatu, 3 Agosti 2026.
Siku ya mwisho ya likizo: Jumapili, 30 Agosti 2026.
Siku ya kuripoti kazini: Jumatatu, 31 Agosti 2026, saa 2 asubuhi."

#43 Kijana wa Data

Safi. Jina la siku, namba, jina la mwezi, mwaka, vyote vipo. Hata kimoja kikikosewa, cha pili kinapiga kelele.

#44 Afisa Asiyelala

Jumapili tarehe 2 haina mwenyewe. Si kazini, si likizo. Nasisitiza ianze tarehe 2.

#45 MzeeWaMasijala

Ina mwenyewe, ni ya kijana.

#46 Sauti ya Kigamboni

Mimi ndiye huwa nakaimishwa wenzangu wakiondoka. Barua imekamilika kwa anayeondoka, lakini anayekaimu hayumo. Mimi niliambiwa nikaimu "katika kipindi chote cha likizo". Siku ya kuripoti mwenzangu kakwama kivukoni, kafika saa 5 asubuhi, na mzigo umeingia saa 3. Nani alipaswa kusaini kuupokea?

#47 Fundi Mitambo Ubungo

Likizo iliisha Jumapili, kukaimu kuliisha Jumapili. Hukupaswa kusaini.

#48 Sauti ya Kigamboni

Na mzigo ukae barabarani mtaa wa Kongo mpaka saa 5?

#49 KaraniWaMtaaWaKongo

Hilo la anayekaimu ndilo bosi ataniuliza. Nimeongeza mstari: "Atakayekaimu atapokea funguo na daftari la stoo Jumamosi, 1 Agosti 2026 kabla ya kufunga, na atavirudisha kwa maandishi Jumatatu, 31 Agosti 2026 nitakaporipoti." Kwa hiyo mpaka funguo zirudishwe, mzigo ni wa anayekaimu. Kijana amekubali kusaini. Msimamizi bado anasoma.

#50 Mlinzi Zamu ya Usiku

Karani naomba unitumie hiyo niipeleke kwa msimamizi wangu, nitaongeza saa. Kuhusu zamu ya Jumapili ameniambia nisubiri mkuu wa kituo arudi, naye yuko likizo, na pale ofisini hakuna anayejua anarudi Ijumaa au Jumatatu.